Maji ya moto ya bombani na ngozi ya mtoto: bomba la mkono na bomba la thamostati

(Mdundo wa ufunguzi, kisha unashuka)

MTANGAZAJI: Uko Nyarugusu, uko Kakuma, uko Nakivale, kipindi hiki ni chako. Leo tunazungumza na mzazi ambaye safari yake ya kuhamia nchi nyingine imekaribia. Pengine umeshafanyiwa usaili, umeshapimwa afya, na sasa unasubiri tarehe tu. Na wewe ambaye jina lako bado halijabandikwa ubaoni, kaa usikilize, kwa maana huenda ukampigia simu dada yako aliyetangulia na kumweleza haya.

Tutazungumza juu ya bomba la kuogea. Utajiuliza, bomba nalo ni la kufundishwa? Tangu utotoni nafungua bomba! Ni kweli. Lakini bomba la hapa kambini hutoa maji ya aina moja, maji baridi. Bomba la kule uendako hutoa maji baridi na maji ya moto kutoka mdomo mmoja, na maji hayo ya moto yanaweza kumchubua mtoto ngozi kwa muda wa kuhesabu moja.

Tuanze na kitu unachokijua: beseni

Fikiria unavyomwogesha mtoto hapa. Unachemsha maji kwenye sufuria. Unamimina maji baridi katika beseni, kisha unaongeza ya moto kidogo kidogo kwa kopo huku ukikoroga. Unatumbukiza kiwiko au sehemu ya ndani ya kifundo cha mkono. Yakiwa makali unaongeza baridi, yakiwa sawa unamweka mtoto. Tangu hapo hakuna kinachoweza kuyafanya maji yale yawe ya moto zaidi, ila mtu aje amimine mengine. Yataendelea kupoa tu.

Shika jambo hilo vizuri, kwa sababu ndilo linaloeleza kila kitu tutakachosema leo. Maji ya beseni yameshachanganywa. Maji ya bomba la kuogea, yaani shawa, yanachanganywa kila sekunde. Ukutani kuna mabomba mawili yaliyofichwa, moja la maji baridi na jingine la maji ya moto kutoka katika tangi la hita. Yanakutana ndani ya bomba la kuogea, yanachanganyika, na papo hapo yanamwagika. Kwa hiyo ukipima kwa mkono ukakuta ni mazuri, umepima maji ya sekunde ile. Hujapima maji ya dakika ijayo.

Basi swali ni hili: nani anayelinda mchanganyiko huo wakati mtoto yuko chini ya maji? Hapo ndipo mabomba mawili tunayotaka kuyaeleza yanapotofautiana.

Bomba la kwanza: la kuchanganya kwa mkono

Hili ndilo utakalolikuta katika nyumba nyingi, hasa nyumba za kupanga za zamani. Lina sura mbili. Ya kwanza ina visu viwili vya kuzungusha, kimoja chenye alama nyekundu cha maji ya moto na kingine chenye alama ya buluu cha maji baridi. Ya pili ina mpini mmoja: ukiuinua maji yanatoka, ukiusogeza upande mmoja yanakuwa ya moto, upande wa pili baridi. Mara nyingi upande wa moto ni wa kushoto. Baadhi ya mabomba hayana rangi bali herufi, na hapa uwe makini. Penye Kiingereza, herufi H ni moto na C ni baridi. Penye Kifaransa, kama Kebeki kule Kanada, herufi C ni moto na F ni baridi. Herufi ileile, maana kinyume.

Ndani ya bomba hili hakuna kinachojua joto. Kuna matundu mawili tu. Mpini wako unaamua kila tundu lifunguke kiasi gani, basi. Likiletewa maji mengi ya moto, litapitisha mengi ya moto, hata kama mtoto analia.

Tuone linavyoweza kukugeuka. Tuseme umeshafika, umepewa nyumba ya vyumba viwili. Ni jioni, na mwanao wa miaka miwili yuko chini ya shawa. Maji ya moto yanayotoka katika tangi yana nyuzijoto 60, na maji baridi yana nyuzijoto 15. Umerekebisha mpini vizuri, hata kila kopo tano za maji ya moto zinakutana na kopo tano za baridi. Mchanganyiko wake ni kama nyuzijoto 37 na nusu, sawa na joto la mwili. Mtoto anacheza na povu.

Wakati huo binti yako mkubwa anatoka chooni na kuvuta maji ya choo. Tangi la choo likiisha maji, hujijaza lenyewe kwa dakika moja au mbili, tena hujijaza kwa maji baridi, kutoka katika bomba lilelile linalolisha shawa. Maji baridi yanagawanyika. Mpini wako hujaugusa, lakini sasa kopo tano za moto zinakutana na kopo mbili na nusu tu za baridi. Joto limeshapanda hadi nyuzijoto 45, na mtoto anaanza kupiga kelele. Kama nyumba ina mabomba membamba, na hapohapo mashine ya kufulia nayo inavuta maji baridi, huenda kopo tano za moto zikakutana na kopo moja tu ya baridi. Hapo umefika nyuzijoto 52 na nusu. Na maji baridi yakikatika kabisa, kinachomwagika ni maji ya tangi matupu, nyuzijoto 60.

Nyuzijoto 60 ni nini kwa ngozi? Mtu mzima huungua vibaya kwa takriban sekunde 5. Ngozi ya mtoto mdogo ni nyembamba kuliko yako, na yeye huungua kwa takriban sekunde moja. Tena mtu mzima anaruka pembeni. Mtoto wa miaka miwili hushtuka, huteleza, au husimama palepale akilia. Kwa nyuzijoto 50 mambo ni tofauti sana: mtu mzima huhitaji dakika kadhaa kabla ya kuungua vibaya, na hata kwa mtoto unapata nafasi ya kumnyakua. Nyuzijoto hizo 10 ndizo zinazoamua kama unapata muda wa kumwokoa au huupati.

Kuna mtego wa pili ambao wengi hawaushtukii. Mtu jikoni anafungua maji ya moto kuosha vyombo. Maji ya shawa yanakuwa baridi ghafla. Wewe, kwa kumhurumia mtoto anayetetemeka, unausogeza mpini upande wa moto. Baada ya dakika moja yule wa jikoni anafunga bomba lake. Maji ya moto yanarudi kwa nguvu, na mpini wako bado uko kwenye moto. Kwa hiyo shawa ikipoa ghafla, mtoe mtoto kwanza chini ya maji, kisha ndipo uguse mpini.

Je, bomba hili halina ulinzi wowote? Lina mmoja mdogo. Mabomba mengi ya mpini mmoja yana kizuizi chini ya mpini, pete ndogo yenye meno, ambayo fundi anaweza kuiweka ili mpini usifike mwisho kabisa wa upande wa moto. Kinasaidia mtoto anaposukuma mpini kwa mchezo. Lakini kumbuka, kizuizi hicho kinazuia mwendo wa mpini, hakipimi joto. Maji baridi yakipungua, hakina habari.

Bomba la pili: la thamostati

Sasa tuje kwa bomba la pili. Nyumba nyingi za Ulaya zinalo. Mara nyingi ni chuma kilicholala ukutani, chenye kisu kila upande. Kisu kimoja ni cha wingi wa maji. Kingine kimeandikwa namba, na kati ya namba hizo utaona 38. Karibu na hiyo 38 pana kitufe kidogo, mara nyingi chekundu.

Ndani ya bomba hili kuna kitu ambacho bomba la kwanza halina: kichupa kidogo chenye nta maalumu, kinachooshwa muda wote na maji yaliyokwisha kuchanganyika. Nta ikipata joto hutanuka, ikipoa husinyaa. Maji yakipanda joto kupita namba uliyochagua, nta inatanuka na kusukuma kipande kinachoziba tundu la maji ya moto na kufungua zaidi la baridi. Maji yakipoa, nta inasinyaa, springi inakirudisha kile kipande, na maji ya moto yanaongezeka. Haihitaji umeme wala betri. Ni kama kuna mtu ndani ya bomba ambaye hatoi kiwiko chake majini.

Turudi kwa binti yako aliyevuta maji ya choo. Maji baridi yanapungua kama mwanzo. Mchanganyiko unaanza kupanda, nta inahisi, na tundu la moto linabanwa. Kinachopungua sasa ni wingi wa maji. Mtoto ataona shawa imekuwa dhaifu, lakini joto litabaki karibu na 38. Na maji baridi yakikatika kabisa, bomba zima la thamostati hufunga maji ya moto kwa sekunde chache. Mtoto anabaki na povu kichwani, na hilo linasafishika.

Kitufe chekundu kina kazi yake. Kisu cha joto kinakwama kwenye 38. Kukivusha hapo, lazima ubonyeze kitufe na kuzungusha kwa wakati mmoja. Mkono wa mtoto mdogo hauwezi kufanya mambo hayo mawili kwa urahisi. Hivyo usibonyeze kitufe mbele ya mtoto, na ukikibonyeza wewe kwa kuoga maji makali, rudisha kisu kwenye 38 kabla hujatoka bafuni.

Wengi huuliza: kwa nini tusipunguze tu joto la tangi, mambo yaishe? Marekani, tume ya serikali ya usalama wa bidhaa inashauri hita ya nyumbani iwekwe kwenye nyuzijoto 49, ambazo kwao husomeka 120 za Farenhaiti. Ni ushauri mzuri, na unaweza kumwomba mwenye nyumba. Lakini mahali pengi tangi huwekwa 60 kwa makusudi, kwa sababu maji ya vuguvugu yanayokaa tangini huotesha bakteria aina ya legionela, ambao huleta homa kali ya mapafu. Basi maji ya tangi yanatakiwa yawe makali ili yawe salama kwa mapafu, na maji ya shawa yawe ya vuguvugu ili yawe salama kwa ngozi. Thamostati inakaa katikati ya mahitaji hayo mawili. Kwa sababu hiyo usiende kuzungusha kisu cha hita peke yako katika jengo la kupanga. Uliza kwanza.

Ukienda Marekani utakuta pia bomba linalofanana na la mpini mmoja, lakini ndani yake lina kipande kinachosawazisha nguvu za maji. Binti akivuta choo, kipande hicho hupunguza na maji ya moto vilevile, hata mchanganyiko usibadilike sana. Ni afadhali kuliko bomba la mkono tupu. Ila lenyewe linahisi msukumo wa maji, halihisi joto. Mtu akipandisha joto la tangi leo, shawa yako kesho itakuwa ya moto zaidi mpini ukiwa palepale.

Utajuaje lipi unalo, na kama linafanya kazi?

Siku ya kwanza ndani ya nyumba, kabla mtoto hajaoga, fanya jaribio hili. Utahitaji mtu wa pili. Fungua shawa, weka joto la kumwogeshea mtoto, na uache maji yatiririke kidogo. Simama pembeni, mkono wako uwe ukingoni mwa maji, tayari kuutoa. Mwambie mwenzako avute choo na kufungua bomba la maji baridi jikoni kwa wakati mmoja. Subiri dakika moja.

Maji yakiwa makali, una bomba lisilolinda, hata kama lina sura nzuri. Yakipungua wingi lakini joto likabaki lilelile, una bomba linalolinda.

Thamostati nayo huchoka. Maji yenye chokaa huganda ndani na kuzuia kile kipande kisisogee, na nta hudhoofika kwa miaka. Dalili ni hizi: kisu kiko 38 lakini maji yanachoma mkono, au maji yanakuwa moto na baridi kwa zamu bila mtu kuvuta choo, au kisu chenyewe ni kigumu kuzunguka. Ukiona moja kati ya hizo, lichukulie bomba hilo kama la mkono mpaka fundi alisafishe au abadilishe kifaa cha ndani. Mwambie mwenye nyumba, tena kwa maandishi. Kuomba bomba salama kwa ajili ya mtoto si usumbufu.

Na usisahau: thamostati ya shawa inalinda shawa tu. Bomba la kunawia mikono na bomba la jikoni mara nyingi ni ya mkono. Bomba la kujazia bafu la kulala huenda nalo ni la mkono.

Kama nyumba yako ina bomba la mkono tu

Watoto wengi wanaogeshwa salama kwa bomba la mkono. Ila kazi ya ile nta inakuwa yako, na hakuna wa kukupokea. Fanya hivi.

Mtoto akae nje ya maji unapofungua. Fungua baridi kwanza, kisha ongeza moto, kama ulivyofanya na beseni. Pima kwa kiwiko, na usipime mara moja tu; acha yatiririke kidogo, kisha pima tena. Mtoto awe na mgongo kwa bomba, mpini usiwe mkononi mwake. Wewe usitoke bafuni, hata simu ikiita. Mmoja akioga, mwingine asivute choo wala kuwasha mashine ya kufulia. Wafundishe watoto wakubwa kugonga mlango na kuuliza kwanza. Ukimaliza, mtoe mtoto, funga moto kwanza, acha baridi ipite kidogo, kisha funga baridi. Hivyo atakayefungua baada yako ataanza na maji ya baridi.

Na kama huliamini bomba hilo, rudi kwenye beseni. Hakuna anayekukataza. Changanya maji, funga bomba kabisa, pima, kisha mwogeshe. Beseni lililochanganywa ni salama kuliko shawa mbovu, kule kama hapa.

Ajali ikitokea licha ya haya, mtoe mtoto majini, mvue nguo iliyolowa maji ya moto isipokuwa iliyoganda kwenye ngozi, na upitishe maji baridi ya bomba juu ya jeraha kwa dakika 20. Usitumie barafu, usipake dawa ya meno, mafuta wala unga. Sehemu nyingine za mwili zifunike apate joto. Piga simu ya dharura: 911 Marekani na Kanada, 112 nchi nyingi za Ulaya, 000 Australia. Piga hata kama Kiingereza chako ni kidogo. Sema neno moja, Swahili, na uombe mkalimani.

Maswali kwa kikundi chenu cha kusikiliza

Moja: kwa nini maji uliyoyapima kwa mkono kwenye shawa yanaweza kubadilika, na ya beseni hayabadiliki? Mbili: binti akivuta choo, nini kinatokea katika bomba la mkono, na nini katika la thamostati? Tatu: kati ya watoto wako, nani atafundishwa kugonga mlango wa bafu na kuuliza kwanza, na utaanza kumfundisha lini?



(Mdundo wa kufunga)